Uzi: Kufupisha taarifa ya uendelevu ya kiwanda cha saruji kuwa madai, namba na mapengo

Chonjo wa Hesabu
Habari za kazi wakuu. Nina taarifa ya uendelevu ya kampuni ya saruji iliyoorodheshwa soko la hisa, kurasa 84. Afisa wa mahusiano ya wawekezaji anataka kurasa mbili tu: kampuni inadai nini, namba gani inabeba dai hilo, na wapi kuna pengo ambalo taarifa haikulieleza. Siku tisa zijazo ana kikao na wachambuzi wa hisa. Jina la kampuni siliweki, na namba nimezibadilisha ili isitambulike, ila nimezibadilisha kwa namna ambayo hesabu bado zinakaa.

Dai kubwa liko ukurasa wa 8, kwa maandishi makubwa: "Tumepunguza utoaji wa hewa ukaa kwa asilimia 11 tangu 2019, matunda ya uwekezaji wetu katika nishati mbadala." Nishati hiyo ni pumba za mpunga, maganda ya korosho na matairi chakavu, vinachomwa kwenye tanuri pamoja na makaa ya mawe. Ukurasa wa 61 kuna jedwali: kilo 680 za hewa ukaa kwa tani moja ya saruji mwaka 2019, kilo 605 mwaka 2024. Nimepiga hesabu, inatoka 11 kweli. Nikaandika dai, nikaweka namba mbele yake, safu ya pengo ikabaki tupu. Sina raha nayo. Nyie mnaanzaje?

Mama Jedwali
Hesabu yako haina kosa. Ulichoruka ni kulinganisha maneno ya dai na kipimo cha namba. Dai linasema "utoaji umepungua". Namba inasema "utoaji kwa tani ya saruji umepungua". Hayo ni mambo mawili, na pengo lako la kwanza limekaa hapo katikati. Tafuta uzalishaji wa miaka yote miwili, zidisha, uone jumla imekwenda wapi.

Kuhusu pa kuanzia, mimi huanza nyuma. Nasoma majedwali ya mwisho kwanza, kisha maelezo madogo yaliyo chini yake, kisha barua ya mhakiki wa nje, halafu ndiyo narudi mbele kwenye barua ya mwenyekiti na picha. Ukianza mbele, dai linakukaa kichwani na unakwenda kwenye jedwali kutafuta namba ya kuliunga mkono. Utaipata, kama ulivyoipata. Ukianza nyuma unakuja mbele ukijua namba zilivyo, na dai lisilolingana nazo linakuchoma macho lenyewe.

Kuokota madai kwenye PDF usitegemee macho. Bonyeza Ctrl+F, tafuta `%` uandike kila sentensi inayotokea pamoja na ukurasa wake. Rudia kwa `2019`, yaani mwaka wa msingi. Dai liandikwe neno kwa neno, usilifupishe. Ungeandika "kampuni imepunguza hewa ukaa 11%" ungekuwa tayari umelifuta neno "matunda", na neno hilo ni dai la pili lililojificha ndani ya la kwanza: kwamba sababu ni nishati mbadala. Lipe mstari wake.

Mwana Saccos
Sisi kwenye saccos yetu mwaka jana tuliandika taarifa ya huduma kwa jamii: madawati 200, miti 3,000, picha nyingi za watoto, na wanachama waliipenda sana mkutano mkuu. Ushauri wangu, hiyo safu ya mapengo iondoe. Wawekezaji wanataka habari njema, ukianza kuandika upungufu wa kampuni unamtisha mtu bure.

Mnada wa Hisa
Ndugu Mwana Saccos, nadhani umechukulia kwamba muhtasari huu unakwenda kwa wawekezaji. Hauendi. Unakwenda kwa afisa ambaye atakaa mezani na wachambuzi waliokwisha kusoma kurasa zote 84, na wengine wana taarifa ya mwaka uliopita mkononi. Pengo asilolijua yeye, atalijua kwa kuulizwa mbele ya watu.

Chonjo, kuna jambo la kazi hiyo ambalo watu wengi hawalifikirii wanapomwandalia afisa. Ukigundua pengo, atamuuliza mkuu wa mazingira na atapata jibu. Jibu hilo likiwa na namba ambayo haijachapishwa popote, hawezi kumnong'oneza mchambuzi mmoja kwenye simu, kwa sababu wawekezaji wa kampuni iliyoorodheshwa wanatakiwa wapate habari nzito kwa pamoja. Kwa hiyo kila pengo liwekee alama moja kati ya mbili: jibu lipo tayari hadharani, kwa mfano kwenye hesabu za mwaka, au jibu litahitaji kutangazwa kwanza. La kwanza analijibu papo hapo akitaja ukurasa. La pili linahitaji siku za kupita kwa mwanasheria na bodi, na wewe una tisa tu.

Chonjo wa Hesabu
Shukrani. Uzalishaji nimeupata kwenye taarifa ya fedha, si kwenye hii ya uendelevu: tani 1,000,000 mwaka 2019, tani 1,250,000 mwaka 2024. Kwa hiyo jumla ni hivi:

```
2019: 1,000,000 t x 680 kg = 680,000 t
2024: 1,250,000 t x 605 kg = 756,250 t
(756,250 - 680,000) / 680,000 = +11.2%
```

Yaani kwa tani imeshuka asilimia 11, kwa jumla imepanda asilimia 11. Nimerudia mara tatu nikidhani nimegeuza namba.

Kitindio
Basi kazi imekwisha hapo. Andika "dai si kweli". Kiwango cha kimataifa cha taarifa za tabianchi, IFRS S2, kinataka kampuni itaje jumla ya utoaji wake, si kiwango kwa tani peke yake. Na usihangaike kuchimba namba zenyewe, kwa sababu taarifa za aina hii huhakikiwa na wakaguzi wa nje. Namba zikishahakikiwa zimeshahakikiwa, kilichobaki ni maneno.

Mama Jedwali
Kuhusu S2 uko sawa, jumla lazima itajwe, na hilo Chonjo aliweke kwenye mstari. Ila "si kweli" usiandike. Kwenye saruji kipimo kwa tani ni halali kabisa na sekta nzima hukitumia, maana kampuni inayokua ikilinganishwa kwa jumla tu itaonekana mbaya hata kama kila mfuko wa saruji umekuwa safi zaidi. Pengo liandike lilivyo: dai halitaji kwamba ni kwa tani, na jumla haikutajwa popote kwenye kurasa 84.

Kuhusu uhakiki sikubaliani nawe. Barua ya mhakiki haihakiki taarifa nzima. Inahakiki viashiria vilivyoorodheshwa ndani yake, kwa kawaida vichache, na mara nyingi kwa kiwango cha chini, kile ambacho mhakiki anasema "hakuna kilichotufikia kutufanya tuamini kwamba namba ina kosa". Chonjo, fungua barua hiyo uone kama kilo 605 imo. Halafu uone kama 680 ya mwaka 2019 imo. Asilimia 11 inasimama kwa miguu miwili, na mhakiki mara nyingi ameangalia mguu mmoja tu, wa mwaka huu.

Mzee wa Tanuri
Niingie upande wa kiwanda, maana mstari wa pili wa dai, ule wa "matunda ya nishati mbadala", unapimika.

Hewa ukaa ya saruji inatoka sehemu kubwa mbili. Ya kwanza ni jiwe la chokaa lenyewe. Likipikwa kwenye tanuri kuwa klinka, linaachia hewa ukaa iliyokuwa ndani ya jiwe, takriban kilo 525 kwa kila tani ya klinka. Hiyo haijali unachoma makaa au pumba, jiwe ni jiwe. Ya pili ni moto wa kulipikia. Nishati mbadala inagusa hii ya pili tu.

Sasa, saruji si klinka tupu. Unachanganya jasi, pozolana, mawe ya chokaa yasiyopikwa. Kadiri unavyopunguza klinka kwenye mfuko, ndivyo hewa ukaa kwa tani ya saruji inavyoshuka, hata kama kwenye tanuri hujabadilisha kitu. Tafuta uwiano wa klinka kwa saruji wa miaka yote miwili, huwa kwenye majedwali ya uzalishaji. Kisha toa sehemu ya jiwe, inayobaki igawe kwa uwiano huo. Utapata moto kwa tani ya klinka, na moto huo ukiwa haujashuka, nishati mbadala haikuleta kile inachosifiwa.

Chonjo wa Hesabu
Mzee, upo ukurasa wa 63: 0.75 mwaka 2019, 0.66 mwaka 2024. Nimefanya ulivyosema.

```
2019: 680 - (0.75 x 525) = 286.25;  286.25 / 0.75 = 382 kg
2024: 605 - (0.66 x 525) = 258.5;  258.5 / 0.66 = 392 kg
```

Umepanda kwa kilo 10 badala ya kushuka. Kwa hiyo punguzo lote la kilo 75 limetokana na kupunguza klinka?

Na kuna jingine. Nimefungua taarifa ya mwaka jana kulinganisha. Humo mwaka 2019 umeandikwa kilo 655, si 680. Nimetafuta maelezo ya mabadiliko kwenye taarifa mpya, hayapo. Barua ya mhakiki inataja 605 tu.

Mama Jedwali
Hilo ndilo pengo la kwanza kwenye ukurasa wako sasa, yote mengine yateremke chini yake. Kwa msingi wa 655, punguzo ni asilimia 7.6. Kwa 680 ni 11. Takriban theluthi ya dai imetengenezwa na kubadilisha mwaka wa msingi bila kusema neno.

Kubadilisha msingi si kosa. Kampuni ikinunua kiwanda kingine, au ikigundua hesabu ya zamani ilikosewa, inatakiwa irekebishe. Viwango vya GRI vya taarifa za uendelevu, kanuni namba 2-4, vinasema ukibadilisha namba uliyokwisha kuchapisha, eleza sababu na athari yake. Andika basi: namba ya 2019 ilikuwa 655 kwenye taarifa iliyopita, sasa ni 680, sababu haikutajwa, na mhakiki hakuigusa. Weka kurasa za taarifa zote mbili. Neno "kudanganya" lisionekane popote, hatujui sababu.

Mzee wa Tanuri
Sababu inaweza kukisiwa, na kisio chenyewe kinakupa swali zuri la kupeleka kiwandani.

Tofauti ni kilo 25. Kutengeneza tani ya saruji hula umeme wa takriban kWh 100, mwingi unaishia kwenye vinu vya kusagia. Hewa ukaa ya umeme huo, kutegemea gridi, inaweza kabisa kuwa kilo 25 au zaidi. Yawezekana mwanzo walihesabu Wigo 1 peke yake, yaani jiwe na moto wao wenyewe, kisha wakaongeza Wigo 2, umeme walionunua. Hapo swali ni moja: je, 605 nayo ina umeme ndani yake? Kama 680 inao na 605 haina, wamelinganisha vitu viwili tofauti na asilimia 11 haina maana yoyote.

Mimi naamini inao, na nakuonyesha kwa nini. Tanuri la njia kavu la siku hizi linakula gigajuli 3.3 hadi 3.6 kwa tani ya klinka. Ukichoma makaa matupu, kilo 95 hivi kwa gigajuli, unapata kilo 315 hadi 340. Wewe umepata 392, na hao wanachoma pumba, ambazo hewa ukaa yake haihesabiwi kwenye jumla, inatajwa pembeni. Ilitakiwa iwe chini ya 340. Kwa hiyo kuna kitu kingine kimo ndani ya 605, na umeme ndio mtuhumiwa wa kwanza. Ila tanuri chakavu linaweza kula zaidi ya hapo, siwezi kuapa.

Mnada wa Hisa
Mzee, hapo mimi nasita. Muhtasari wa afisa uwe na kile kilichomo kwenye taarifa. Akikaa na wachambuzi akasema "moto wetu kwa tani ya klinka ni 392", wataandika namba hiyo, na kesho itakuwa imekuwa namba ya kampuni wakati kampuni haikuitoa.

Mama Jedwali
Mimi naiweka, ila kwenye safu yake iitwayo "hesabu yetu", ikiwa na fomula na kurasa zilikotoka namba, na juu ya karatasi naandika kwamba safu hiyo haitamkwi nje. Kwa nini niiweke? Kwa sababu mchambuzi yeyote wa sekta ya saruji atafanya hesabu ileile ya Mzee ndani ya dakika tano, uwiano wa klinka umechapishwa. Afisa asikutane nayo kikaoni kwa mara ya kwanza.

Mnada wa Hisa
Ukiiandika kwenye barua pepe inayozunguka ofisi tatu, tayari imetoka. Mimi ningeigeuza swali tupu: "punguzo limetokana na klinka kiasi gani na nishati mbadala kiasi gani?" bila namba yetu. Hapa hatutakubaliana, Chonjo aamue kulingana na afisa wake.

Kitindio
Nakubali kuhusu uhakiki, sikujua wanachagua viashiria. Sasa nauliza: huo uwiano wa klinka kushuka kutoka 0.75 hadi 0.66 si habari njema? Kupunguza klinka ndiyo njia kuu ya saruji kupunguza hewa ukaa. Kwa nini wasidai hilo badala ya pumba?

Mzee wa Tanuri
Ni habari njema, tena kubwa kuliko pumba, kama klinka yote ni yao. Hilo ndilo swali la mwisho ninalolibeba. Viwanda vingi vya ukanda wetu hununua klinka kutoka nje ya kiwanda na kuisaga tu. Klinka uliyonunua, hewa ukaa yake ilitoka kwenye tanuri la mwingine, kwako inakuwa Wigo 3. Ukiigawa hewa ukaa yako kwa tani zote za saruji, pamoja na saruji iliyotokana na klinka ya kununua, namba kwa tani inashuka bila wewe kufanya lolote. Ndiyo maana itifaki ya sekta inataka ugawe kwa klinka yako mwenyewe pamoja na vichanganyio, si kwa saruji yote uliyouza. Chonjo, angalia maelezo madogo chini ya jedwali la ukurasa wa 61 wamegawa kwa nini, na kwenye hesabu za fedha tafuta manunuzi ya klinka.

Tausi wa Mwambao
Naomba kuuliza kuhusu madai ya kando, maana nami ninayo kama hayo: miti na usalama. "Tumepanda miti 50,000 kwenye machimbo" na "ajali zenye kupoteza muda wa kazi ni 0.4". Hayo yana mapengo gani?

Mama Jedwali
Dada Tausi, 0.4 kwa saa ngapi? Kuna wanaogawa kwa saa 1,000,000 na wanaogawa kwa saa 200,000. Hiyo 0.4 kwa saa 200,000 ni sawa na 2.0 kwa saa milioni, mara tano. Pengo la pili ni nani amehesabiwa. Kwenye saruji ajali mbaya nyingi huwa barabarani na kwa vibarua wa wakandarasi, na mara nyingi jedwali linahusu waajiriwa wa kampuni pekee. Dai la "hakuna kifo" likiwa bila maneno "pamoja na wakandarasi", hilo ni pengo.

Mzee wa Tanuri
Miti igeuze kuwa ardhi. Ukipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja inachukua miti 1,111, kwa hiyo 50,000 ni hekta 45 hivi. Linganisha na eneo la machimbo lililo wazi, kama wamelitaja. Halafu uliza iliyo hai ni mingapi. Udongo wa machimbo ya chokaa ni jiwe, miche mingi hufa. Pale Bamburi, Mombasa, kazi ilianza 1971, na mvinje ulikuwa miongoni mwa miti michache iliyokubali kukua juu ya jiwe lile. Idadi iliyopandwa bila idadi iliyosalia ni dai lenye nusu ya namba.

Chonjo wa Hesabu
Nimerudi. Chini ya jedwali la ukurasa wa 61 kuna maandishi madogo mno: "kwa tani ya saruji iliyouzwa". Kwenye hesabu za fedha, maelezo namba 14, kuna klinka iliyonunuliwa mwaka 2024 kwa shilingi. Tani hazikutajwa. Mwaka 2019 mstari huo haukuwapo.

Mstari wangu wa kwanza sasa unasomeka hivi, naomba muukosoe:

*Dai (uk. 8):* "Tumepunguza utoaji wa hewa ukaa kwa asilimia 11 tangu 2019."
*Namba (uk. 61):* kilo 680 hadi 605 kwa tani ya saruji iliyouzwa. Iliyohakikiwa ni 605 pekee, kwa kiwango cha chini.
*Pengo:* (a) 2019 ilikuwa 655 kwenye taarifa iliyopita, sababu ya mabadiliko haikuelezwa. Kwa 655 punguzo ni 7.6%. (b) Dai halisemi ni kwa tani, jumla haikutajwa. (c) Haielezwi kama umeme umo kwenye miaka yote miwili. (d) Klinka iliyonunuliwa inaonekana kwenye fedha, haionekani kwenye hewa ukaa.
*Wa kuulizwa:* meneja wa mazingira kwa (a) na (c), mhasibu mkuu kwa tani za klinka.
*Jibu:* (b) linajibika kwa namba zilizo hadharani; (a), (c) na (d) zinahitaji kutangazwa kwanza.

Mstari wa pili ni wa nishati mbadala peke yake. Hesabu ya 382 na 392 nimeiacha nje ya karatasi kwa sasa, nitamweleza afisa kwa mdomo.

Mama Jedwali
Umeiva. Moja tu: (b) si yote iko hadharani. Uzalishaji upo, kilo kwa tani ipo, lakini kuzidisha umezidisha wewe. Tena umezidisha tani zilizozalishwa kwa kilo ya tani zilizouzwa, na saruji iliyobaki ghalani inaweza kuipindisha jumla kidogo. Tani 756,250 si namba ya kampuni mpaka waitoe wenyewe. Ihamishie upande wa kutangazwa.

Mzee wa Tanuri
Na (d) ipandishe iwe ya pili. Ukipata tani za klinka ya kununua, rudi hapa tupige upya. Zikiwa nyingi, hiyo 0.66 nayo itabidi tuiulize inahesabu klinka ipi.

Mnada wa Hisa
Muulize mhasibu leo, usingoje wiki ijayo. Kama tani hizo zitahitaji tangazo kupitia soko la hisa, siku tisa ni chache.